Mshale Ubaoni Si Azimio

Na Shamte Makorora

Warsha ikishafungwa, washiriki hukimbilia posho na usafiri. Mtu mmoja hupiga ubao picha mbili za haraka, kisha vikaratasi vya kunata hubanduliwa na kutupwa. Kesho yake mwandishi wa taarifa anafungua simu na kukuta flashi imeng'aa katikati ya ubao, palepale penye maneno ya maana. Mpiga picha angesimama upande kidogo, akazima flashi, akapiga ubao mzima kwanza na kisha vipande vinavyopishana, hayo yasingemkuta mwandishi. Picha hizo pia zitumwe kama faili, kwani WhatsApp ikizibana, mwandiko mwembamba hupotea.

Lakini picha safi haimwokoi mwenye papara.

Chukulia warsha ya kamati ya maji ya kijiji. Ubaoni pana swali: "Kwa nini mfuko wa maji uko tupu?" Chini yake vimebandikwa vikaratasi: "pampu", "watu hawalipi", "hawalipi", "mwenyekiti", na kimoja pembeni, "tunalipa, risiti hatupewi". Mshale umechorwa kutoka "pampu" kwenda "hawalipi". Mwenye papara huandika: "Washiriki walikubaliana kwamba wananchi hawataki kulipia maji." Walikubaliana lini? Huenda mshale ulimaanisha kwamba pampu ikiharibika watu hususa kulipa. Huenda mwezeshaji alionyesha tu kinachojadiliwa baadaye.

Mwandishi makini hunakili kila karatasi neno kwa neno, pamoja na namba ya picha, kabla ya kutunga sentensi hata moja ya kwake. Pasiposomeka huandika "haisomeki". Kwa mshale ule, na kwa "mwenyekiti" asiyejulikana amekosa nini, humpigia simu mwezeshaji siku ileile, kumbukumbu ikiwa bado mbichi.

Kupanga makundi ndiko kunakohitaji subira zaidi. Mwanaanthropolojia wa Japani, Jiro Kawakita, aliyefanya utafiti Nepal, alibuni njia inayojulikana kama KJ: kadi zinazofanana hukusanywa kwanza, kichwa cha kundi huja baadaye, na kadi isiyo na mwenzake huachwa peke yake. Kwa njia hiyo karatasi ya risiti haimezwi na kundi la "hawalipi". Na kusema kweli, ndiyo karatasi nzito kuliko zote pale, maana inapinga zile mbili.

Nukta za kura nazo huponza. Karatasi yenye nukta nyingi imepewa kipaumbele katika mjadala, haijawa azimio. Maazimio hukaa kwenye jedwali lake: jambo, mhusika, tarehe. Ubao ukisema "mita – kamati" basi, safu ya tarehe huandikwa "haikupangwa", na rasimu hurudishwa kwa kamati waijaze wenyewe kabla taarifa haijapelekwa wilayani.