Siku zetu ku banki zihesabiwe zote

Sisi wa migodi tunatosha feza siku shida inapoingia, hatungoje mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tunakataa faida ya kuhesabu miezi mizima. Tuseme tuliweka dola 1.000 tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025, faida 6% kwa mwaka, tukatosha tarehe 5 mwezi wa tano. Siku ya kuweka inaachwa, ya kutosha inahesabiwa: 11, 28, 31, 30 na 5, njo siku 105. Faida ya mwaka ni dola 60. Gawanya na 365, zidisha na 105: dola 17,26. Wakihesabu miezi mitatu mizima tu, wanatulipa 15. Hizo 2,26 ni za nani? Mbele ya kutia sahihi, tuulize: munahesabu siku ao miezi?