Kabla hujaposti gari la nje, uliza usukani uko upande gani

Wauzaji wenzangu, kuna aina ya posti inazidi kuongezeka kwenye kurasa za magari. Picha tatu za gari kwa nje, bei ya kutupa, halafu maneno: "Liko Dubai, linakuja, lipa dipoziti ulishike." Picha ya dashibodi haipo. Maoni yangu ni haya: hapa Kenya, muuzaji asiyeonyesha usukani asipokee hata shilingi ya dipoziti. Nitaeleza kwa nini, na nitaanza na kosa ambalo nusura nilifanye mwenyewe.

Kuna jamaa anayefanya kazi Dubai alinitafuta inboksi. Ana RAV4 yake ya 2019, safi kabisa, anataka niitafutie mteja Mombasa. Bei aliyotaja ilikuwa chini ya zile tulizozoea kwa karibu milioni nzima. Niliposti jioni, na asubuhi nikawa na mtu yuko tayari kutuma laki moja. Kabla sijampa namba ya kulipia, nikampigia ejenti wangu wa bandarini ili anikadirie ushuru. Hakuniuliza mwaka wala injini. Aliniuliza, "Bosi, usukani uko wapi?" Nikamrudia jamaa wa Dubai, akanijibu bila wasiwasi, "Kushoto, kaka. Huku yote ni kushoto." Nikaifuta posti palepale, na yule mteja nikamwambia ukweli.

Sheria yetu iko wazi. Gari la usukani wa kushoto halisajiliwi Kenya isipokuwa liwe la kazi maalumu, kama ambulansi, gari la zimamoto, au magari makubwa ya ujenzi yanayoletwa kwa mradi na baadaye kukabidhiwa serikali. RAV4 ya mtu binafsi haimo humo. Hata liwe jipya vipi, na hata liwe limetimiza ile sharti nyingine ya kutozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, bado litakwama. Bila usajili hakuna namba wala logbuku, na bila logbuku umemuuzia mtu chuma.

Kwa hiyo ile "nafuu" ya milioni moja haikuwa nafuu. Ilikuwa bei ya gari ambalo wanunuzi wake hawako hapa. Nilimshauri aliuze hukohuko linakotumika, kisha kama anataka gari la Kenya anunue la usukani wa kulia. Dubai yenyewe ina soko kubwa la magari ya Kijapani ya usukani wa kulia, yanayopitia pale kuja Afrika. Na kama anarudi nyumbani moja kwa moja, awaulize KRA kabla ya kuuza: Mkenya anayerejea kutoka nchi ya usukani wa kushoto ana njia ya kuleta la kulia badala ya lile alilokuwa nalo, kwa masharti. Lakini hilo ni gari lake la kutumia. Msamaha wa ushuru haupewi kwa ajili ya gari la kuja kuuzwa kwenye ukurasa wako.

Mtego wa pili ni gari la usukani wa kushoto ambalo tayari unaliona linatembea mjini na namba za nchi ya jirani. Mwenyewe atakwambia, "Si unaliona liko barabarani? Mteja atabadilisha namba tu." Gari hilo limeruhusiwa kuingia kwa muda, kama mgeni. Kibali cha kutembelea hakigeuki kuwa usajili.

Mtego wa tatu ndio unaonitisha zaidi: gari lililohamishwa usukani kienyeji. Kwenye picha utaona usukani uko kulia, na roho inatulia. Lakini kuhamisha usukani si kung'oa na kufunga. Mashine ya usukani ni nyingine, dashibodi ni nyingine, pedali zinahama, nyaya za mifuko ya hewa zinaongezwa urefu, na ule ukuta wa bati kati ya injini na abiria unatobolewa upya. Fundi akikosea hapo, siku ya ajali mfuko wa hewa unaweza kukaa kimya, au breki ikachelewa kushika.

Utalitambuaje? Fungua boneti uangalie ule ukuta wa bati: je, kuna kiraka au alama ya kuchomelea mahali usukani ungepita upande wa kushoto? Washa waipa: kwa gari letu zinatakiwa kusafisha vizuri zaidi mbele ya dereva, upande wa kulia. Kama kona chafu inabaki mbele ya dereva, uliza maswali. Kisha soma namba ya chasi. Gari lililotengenezewa soko la Japani kwa kawaida lina namba fupi yenye kistari katikati, si ile ndefu ya herufi na tarakimu 17. Ndefu peke yake si kosa, maana magari ya Uingereza nayo yanayo. Ila mtu akisema "la Japani" na chasi ni ya tarakimu 17 inayoanza na 1, 4 au 5, hiyo ni ya Marekani, na Marekani usukani ni kushoto.

Kuna kitu kingine ambacho hata fundi mzuri husahau: taa. Dimu za gari hutengenezwa ziinue mwanga kidogo upande wa ukingo wa barabara, ili zisimpige machoni anayekuja. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwanga unainuka kushoto. Taa za gari la Dubai zinainuka kulia, yaani usoni mwa dereva anayekuja. Usiku, egesha gari mita tano hivi kutoka ukutani, washa dimu, ukiwa kwenye kiti uangalie mstari wa mwanga unapanda upande gani.

Watu huniambia, "Lakini dereva mzuri huzoea." Atazoea gia, sawa. Macho hayazoei. Dereva aliyekaa kushoto nyuma ya lori pale Mariakani hawezi kuchungulia. Lazima alitoe karibu gari zima kwenye njia ya wanaokuja ndipo aone kama kuna basi. Na kama ni matatu iliyotengenezewa usukani wa kushoto, mlango wa kuteleza uko kulia. Mama na mtoto wanashukia katikati ya barabara.

Mwenye wateja wa nje naye ajue mambo hugeuka. Kongo, Rwanda na Burundi wanaendesha kulia. Bujumbura na Goma utakuta magari mengi ya usukani wa kulia, na hatari ya kupita lori ni ileile upande wa pili. Rwanda imekuwa kali kwa magari madogo ya usukani wa kulia. Mteja wa Kigali akikuandikia, mwambie kwanza athibitishe kwao kama litasajiliwa.

Mimi siku hizi picha ya kwanza ya kila posti inapigwa kutoka kiti cha nyuma, usukani uonekane, na ya pili ni namba ya chasi kwenye gari lenyewe. Asiyetaka kunitumia hizo mbili simposti. Nimepoteza kamisheni kadhaa kwa hilo. Lakini yule mteja wa laki moja alirudi kwangu baada ya miezi mitatu, na akanunua.