Uzinduzi ulibuma, na kosa halikuwa la dada wa dukani

Leo naongelea hasara yangu mwenyewe.

Nilichukua madera 40 Kariakoo, rangi tano, nane nane kila rangi. Ijumaa saa 2 usiku nikaposti, bei 25,000, namba ya kulipia nikaiweka kabisa kwenye tangazo. Mimi na dada wa dukani tukawa tunajibu oda, kila mtu na simu yake. Hadi saa 4 watu 31 wameshalipa. Tukafurahi weee. Asubuhi kufunga mzigo, kumbe watu 13 wamelipia damu ya mzee, na yapo manane tu.

Watano nikawarudishia hela, 125,000, na makato juu yangu. Wawili walishaniita tapeli kwenye komenti, na waliokuwa wanajiuliza wakakaa kimya. Dera 14 zikabaki.

Kwanza nilimgombeza dada. Halafu nikakaa nikasoma meseji zote kwa kufuata saa. Wale watano wa mwisho, watatu niliwajibu mimi "karibu, ipo". Yeye wawili. Na wote tulikuwa sahihi kwa tulichokijua, maana daftari lilikuwa kwangu na nililijaza kila nikipata nafasi, wakati mwingine baada ya dakika 20.

Ndiyo maana nasema ukiandika sababu za kubuma, usianze na jina la mtu. Jiulize: ningemweka mtu mwingine pale, isingetokea? Kwangu ingetokea tu. Ningemfukuza dada, wiki ijayo ningekuwa na dada mpya na tatizo lile lile. (Mtu akikuibia, hiyo ni habari nyingine.)

Nilichoandika ni hiki: wauzaji wawili, hesabu iko kwa mmoja. Hela inaingia kabla hatujathibitisha mzigo. Na picha zote za tangazo, dera lililovaliwa lilikuwa damu ya mzee, zile rangi nyingine zimekunjwa. Hii ya tatu niliiona mwisho, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilinunua rangi sawasawa halafu nikatangaza moja.

Mzigo uliofuata namba ya kulipia niliitoa kwenye tangazo. Mteja anauliza kwanza, anawekewa dakika 15, ndipo anatumiwa namba. Mimi na dada tuna grupu letu la WhatsApp la watu wawili, na kabla ya kumwambia mteja "ipo", unaandika kule "kijani 1, zimebaki 5". Na kila rangi ikavaliwa ikapigwa picha.

Majibu yanachelewa kidogo, sikatai. Kuna wateja wawili watatu walichoka kusubiri wakaenda kwingine. Ila kurudisha hela ya dera ambalo halipo, bado haijatokea tena.