Kihaya Kikaacho Bila Kusemwa

Watu wa Bukoba na Muleba waliohamia Mwanza au Dar es Salaam aghalabu hudhani kwamba lugha ya kwao wataipoteza siku watakapoacha kuisikia. Na kwa dhana hiyo hutosheka kupiga simu nyumbani mwisho wa juma, wakaingiza Kiswahili katikati ya kila tamko la Kihaya, kisha wakalala na yakini kwamba amana yao imehifadhika. Toleo hili tumeliweka kwa ajili ya mmomonyoko wa lugha, nasi twakusudia hali ya mtu mmoja mmoja, si ya kabila zima: namna anavyopungukiwa, mwaka hata mwaka, na lugha aliyokuwa akiimudu barabara. Rai yetu ni kwamba kuisikia lugha peke yake hakuuzuii upungufu huo, wala kuichanganya hakuuzuii. Huuzuia zile saa ambazo Kihaya kinaachiwa kubeba fikira yote, tangu mwanzo wa habari hata mwisho wake, pasipo kukimbilia msaada.

Kinachotangulia kudhoofika ni majina ya vitu, na dalili yake ya kwanza ni kukawia, kabla ya kusahau. Mtu aliyelelewa katika kibanja cha Muleba alijua tangu utoto kubagua Enchoncho na Entobe na Nshakara, ambazo ni za kupikwa, na Embire ambayo ni ya pombe. Akiisha kukaa mjini miaka kumi huziita zote ndizi, na ukimwonyesha mkungu husita, huanza kulitaja jina, hulikatiza, hulizunguka kwa maelezo, kisha huridhika na jina la jumla. Jina lenyewe halijafutika, maana akitajiwa hulitambua papo hapo. Ila kila mara akili ichaguapo neno la Kiswahili hulazimika kulinyamazisha lile la Kihaya lililo sawa nalo, na neno linyamazishwalo kila siku huhitaji juhudi zaidi kila siku ili liamke. Kwa hiyo mtu huyo husikia Kihaya vizuri muda mrefu baada ya kushindwa kukisema, na usikivu wake humghuri asitambue lililokwisha kumpata.

Sarufi ya aliyehama akiwa mtu mzima hustahimili zaidi. Lakini Kihaya kina mahali pamoja ambapo Kiswahili chaweza kukiingilia kwa siri, napo ni katika nyakati zilizopita. Kiswahili hutosheka na -li- kwa jana na kwa zama za mababu. Kihaya hugawa wakati uliopita mafungu matatu. Ukichukua kitenzi koma, maana yake kufunga kwa kamba, *twakoma* ni kwamba tulifunga leo hii, *tukomile* ni kwamba tulifunga jana, na *tukakoma* ni kwamba tulifunga kabla ya jana, iwe juzi au katika enzi ya watemi. (Matamshi yake hupanda na kushuka, nasi tumeyaandika hapa bila alama.) Sasa Kiswahili nacho kina -ka- yake, ambayo kazi yake ni kufuatanisha tendo na tendo, wala haijali siku: tukaamka, tukala, tukaondoka, hata kama yote ni ya asubuhi ya leo. Tumchukue basi kijana wa Muleba aliyekaa Dar es Salaam muda mrefu, ampigiaye simu shangazi yake kumweleza kwamba mgonjwa wao alizidiwa alfajiri, wakamwinua, wakamfikisha hospitali; akiisimulia habari hiyo kwa Kihaya huku mkondo wa masimulizi akiuazima kwa Kiswahili, kila kitenzi chake kitavaa -ka-, na shangazi atafahamu kwamba mambo hayo ni ya siku nyingi, aulize kwa uchungu mbona yeye hakuarifiwa. Maneno yote ni ya Kihaya, hakuna hata moja la kuazima, na habari imepotoka. Kosa la namna hii halionekani katika kuamkiana wala katika kuulizana hali, kwa kuwa huko hakuna usimulizi.

Yaliyosemwa mpaka hapa ni ya waliohama wakiwa wakubwa. Kwa mtoto, mambo ni mengine kabisa, na hapa Kagera ina msiba wake wa pekee. Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi waliotangazwa Tanzania walionekana mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba, na katika miaka iliyofuata watoto wengi walifiwa na wazazi, baadhi yao wakachukuliwa na jamaa waliokaa mbali. Watafiti waliohoji kaya 915 za mkoa huu baina ya mwaka 1991 na 1994, walipowatafuta watu hao hao tena mwaka 2004 na mwaka 2010, iliwabidi kuwafuata Mwanza, Dar es Salaam, hata Uganda. Uchunguzi ule ulihusu afya na maisha, wala haukuuliza habari za lugha. Lakini elimu ya mmomonyoko inatuambia kwamba mtoto aondolewaye katika lugha yake kabla ya kufikia yapata miaka 12 hupoteza kwa kadiri ambayo mtu mzima haijui, sarufi pamoja na maneno. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti juu ya Wakorea wanane waliolelewa na familia za Kifaransa tangu walipokuwa na umri baina ya miaka 3 na 8. Wakiwa watu wazima hawakuweza kuyatofautisha matamko ya Kikorea na ya lugha nyingine za kigeni. Hata hivyo watafiti wengine waliofanya majaribio ya baadaye Uholanzi waligundua kwamba waliolelewa hivyo, wakifundishwa upya sauti za Kikorea, huzishika upesi kuliko Waholanzi wasiopata kuzisikia utotoni. Basi yule aliyeondolewa Kamachumu akiwa na miaka sita, na leo haelewi hata salamu, asihesabiwe kuwa mgeni anayeanza; yamkini sikio lake lina akiba asiyoijua mwenyewe.

Nini basi kifanyike? Mtaalamu Monika Schmid aliwachunguza Wajerumani waliohamia Kanada na Uholanzi, akaona kwamba wingi wa kutumia Kijerumani nyumbani na kwa marafiki haukuwa na athari kubwa katika kukihifadhi, ilhali kukitumia kazini kulikuwa na athari. Sababu si ngumu kuifahamu: nyumbani kila mmoja ajua lugha zote mbili, na neno likikawia huazimwa bila haya, ilhali kazini mtu hulazimika kuzitenga lugha zake na kulingoja neno mpaka lije. Tukilileta jambo hilo kwetu, makundi ya simu ya Bahaya wa mjini, yaliyojaa mchanganyiko, yana faida ya udugu, lakini hayalindi ulimi. Kikao cha ukoo ambacho kumbukumbu zake zinaandikwa na kusomwa kwa Kihaya kitaulinda. Na kwa kuwa redio zetu kwa kanuni hutangaza kwa Kiswahili na Kiingereza, nafasi za namna hiyo sharti zitengenezwe na watu wenyewe.

Kwa mtu aliye peke yake, twapendekeza simu moja kwa juma isiyo na Kiswahili, na ndani yake masimulizi matatu kamili kwa mzee wa nyumbani, moja la leo, moja la jana, moja la zamani, huku mzee akiombwa asimpe msemaji neno mpaka awe amelitafuta mwenyewe kwa muda. Mzee akiuliza siku ya jambo ambalo msemaji adhani amekwisha kuibainisha, hapo ndipo nyakati zimeanza kuungana, na masimulizi hayo yarudiwe juma lijalo. Majina yaliyokawia yaandikwe baada ya simu, si katikati yake, na kamusi ya Kihaya, Kiingereza na Kiswahili aliyoitunga Henry Muzale, iliyotoka mwaka 2006, itafaa kuyathibitisha. Kwa aliyehama utotoni kamusi haitoshi, kwa sababu kupanda na kushuka kwa sauti hakujifunzwi kwa jicho. Huyo ahitaji mtu wa kusema naye, na wazee wa Kamachumu na Kanyigo walio tayari kwa kazi hiyo wapo sasa.