Vidonge vya miezi sita ni vya miezi sita

Kijana mmoja, dereva wa teksi jijini Dar es Salaam, alianza dawa za kifua kikuu akiwa amekonda, akilowa jasho usiku na kukohoa mpaka abiria wakashusha vioo. Wiki ya tatu homa ikamwacha. Miezi miwili ilipotimia alikuwa amerudi mwili, na makohozi yake yalipopimwa havikuonekana vimelea. Mwezi wa tatu akaacha dawa. Miezi mitano baadaye alirudi zahanati hoi, anatema damu, na mtoto wake wa miaka mitatu ameanza kukohoa.

Alipoulizwa, alijibu wanavyojibu wengi: nilikuwa nimepona, ningefuata nini? Kliniki hufunguliwa saa mbili, wakati ambao yeye ndio anapata abiria, na tajiri wa gari anataka hesabu yake jioni bila kusikiliza habari za foleni. Hayo ni kweli. Lakini hakuwa amepona.

Dawa za miezi miwili ya mwanzo huwa ni nne ndani ya kidonge kimoja, nazo huua kundi kubwa la vimelea, wale wanaozaliana haraka na kumtesa mgonjwa. Ndiyo maana nafuu huja mapema. Wanaobaki ni wachache, wamezubaa ndani ya pafu, na kwa kuwa hawazaliani sana dawa huchelewa kuwamaliza. Miezi minne inayofuata, yenye dawa mbili, rifampisini na isoniazidi, ni kwa ajili ya hao. Anayeacha katikati amefyeka ndago na kuacha viazi vyake ardhini. Kubadilishiwa vidonge kwenyewe kunapotosha: mgonjwa aliyezoea dawa nne akiona zimekuwa mbili hudhani amefika ukingoni. Siku hiyo ndiyo ya kumwambia tena, kwa kinywa, tarehe ya kidonge cha mwisho, na kuiandika kubwa kwenye kadi.

Kijana huyu alibahatika. Kipimo cha vinasaba vya vimelea, ambacho hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, kilionyesha kuwa rifampisini bado inafanya kazi kwake. Basi ameanza upya, siku ya kwanza ya miezi sita. Ile mitatu ya awali haihesabiki. Kama vimelea vingekuwa sugu, hasa kwa mtu anayemeza leo na kuruka kesho, angehamishiwa dawa nyingine kabisa, zenye kuhitaji kupimwa damu na moyo kila mara. Na mtoto lazima apimwe. Akikutwa hana ugonjwa, apewe dawa ya kinga, maana aliye chini ya miaka mitano akiambukizwa huugua upesi, wakati mwingine mpaka kwenye ubongo.

Sasa angalieni kadi yake. Msimamizi wa matibabu aliyeandikwa ni mama yake mzazi, anayeishi Muheza. Kutoka Muheza nani atamwona akimeza kidonge saa kumi na moja alfajiri? Namba ya simu ni laini aliyokwisha kuitupa. Alipokosa kufika kliniki hakupigiwa mtu, na jina lake likabaki kwenye rejista mpaka lilipoandikwa kuwa amepotea.

Dawa ni bure na utaratibu unamruhusu mgonjwa kumezea nyumbani akiwa na msimamizi. Kinachokosekana ni msimamizi wa kweli. Aandikwe mtu anayemwona kila asubuhi: mke, ndugu wa chumba cha pili, au dereva mwenzake pale kijiweni anayeegesha ubavuni mwake. Kadi iwe na namba mbili za simu, na moja isiwe ya mgonjwa. Asipofika siku yake, apigiwe siku hiyohiyo; asipopatikana, mhudumu wa afya wa mtaani aende kijiweni kesho yake. Kumfuata mtu aliyekosa siku mbili ni kazi ya nusu saa. Kumtafuta baada ya miezi mitano, akiwa ameshaambukiza watu nyumbani, ni kazi nyingine kabisa. Nao matajiri wa magari wamsamehe dereva asubuhi moja ya kliniki. Dereva anayetema damu haleti hesabu.

Kichefuchefu kikizidi, mgonjwa amwambie muuguzi, asijiamulie kuacha. Mkojo kuwa mwekundu ni rangi ya rifampisini, si damu. Ukisahau siku moja, usimeze dozi mbili kesho yake: meza ya siku hiyo tu, uchukue kadi, uende zahanati kabla ya wiki kuisha.