Swali Lisilo na Mstari Wake Katika Maelezo Lisimfikie Mwanafunzi

Mtoto mwenye uzito wa kilo 14 ameletwa kituoni akiwa na malaria kali. Utampa miligramu ngapi za atesuneti ya sindano kwa dozi ya kwanza? Swali hili lilikuwa la 7 kati ya maswali 20 ya kujipima niliyoandaliwa na programu ya akili mnemba, kwa ajili ya mafunzo ya siku moja ya wauguzi na matabibu wa tambarare ya Same. Niliiwekea programu maelezo yangu ya kufundishia, kurasa sita tu, nikaitaka itunge maswali ya kuchagua jibu pamoja na mwongozo wa kusahihishia. Dakika moja haikupita kazi ikawa imekwisha, kwa Kiswahili kisicho na doa. Mwongozo wa swali la 7 ulisema jibu ni miligramu 33.6.

Jibu hilo si sahihi. Maelezo yangu, kifungu cha 4, yanasema kwamba mtoto mwenye uzito chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, na mwenye kilo 20 au zaidi hupewa miligramu 2.4 kwa kila kilo. Mtoto wetu wa kilo 14 anastahili miligramu 42. Programu ilimpa kipimo cha mtu mzima na kumpunja miligramu 8.4, yaani moja ya tano ya dawa yake.

Kosa hili lina asili yake, na kuijua asili hiyo hutusaidia kujua mahali pa kutazama. Kabla ya mwaka 2015 watu wote, wakubwa kwa wadogo, walipewa miligramu 2.4 kwa kilo. Mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilipandisha kipimo cha watoto wadogo, kwa kuwa ilibainika kwamba dawa haifikii katika damu yao kiwango kinachofikiwa kwa watu wazima. Maandishi ya kabla ya mabadiliko hayo ni mengi mno, nayo bado yapo. Programu ya akili mnemba imejifunza kutokana na bahari ya maandishi ya namna hiyo, na inapotunga swali hailazimiki kushikamana na kurasa sita ulizoipa. Maelezo yako huishawishi tu, wala hayaifungi.

Kwa watu wa Same jambo hili si la vitabuni. Watoto wa vijiji vya juu milimani, kama Chome, hukulia penye baridi na mbu wachache, hivyo miili yao haijazoea malaria. Wakishuka tambarare, kwa mfano kuishi na jamaa wanaolima mpunga upande wa Ndungu, ugonjwa unaweza kuwapata kwa ukali. Muuguzi wa zamu ya usiku anayempokea mtoto wa aina hii hatafungua kitabu kwanza. Atatumia namba ambayo mkono wake umeizoea, na maswali ya kujipima ndiyo yanayoizoesha mikono. Ndiyo maana nashikilia kwamba swali lenye jibu baya ni hatari kuliko kukosa swali kabisa: asiyejua huuliza, lakini aliyefundishwa kosa mara kumi hutenda bila shaka moyoni.

Basi nini kifanyike? Sisemi tuache kutumia programu hizi. Kutunga maswali 20 kwa mkono hunichukua siku nzima, na wahadhiri tulio wachache hatuna siku hizo. Ninachosema ni kwamba swali lolote lililotungwa na mashine lisitoke mezani mpaka lipate mstari wake katika maelezo ya kufundishia. Utaratibu ninaoufuata sasa ni huu.

Kwanza naweka namba katika kila kifungu cha maelezo. Kisha nafunika mwongozo wa kusahihishia na kujibu maswali yote mwenyewe, nikiandika kando ya kila jibu namba ya kifungu kinachoniunga mkono. Kufunika ni muhimu. Ukiliona jibu la mashine kabla hujafikiri, akili yako huanza kulitafutia utetezi, tena mashine huambatanisha ufafanuzi wenye lugha ya kuaminika. Ufafanuzi wa swali la 7 ulianza kwa maneno “kwa mujibu wa maelezo,” ilhali maelezo yalisema kinyume chake. Baada ya kujibu ndipo nafunua mwongozo na kulinganisha. Panapotofautiana narudi kwenye kifungu, si kwenye kumbukumbu yangu, wala siiulizi programu ileile kama jibu lake ni sahihi. Ukiiuliza hivyo yaweza kushikilia kosa lake, au kuomba radhi na kubadilisha hata jibu lililokuwa sahihi.

Rejea hiyo ya kifungu hutulinda pia na makosa yetu wenyewe. Swali la 8 lilimhusu mtoto wa kilo 19, na mwongozo ulitoa miligramu 57. Swali la 9 lilimhusu mtoto wa kilo 20, nalo likapewa miligramu 48. Mwenzangu aliyenisaidia kuhakiki alitaka kulifuta mojawapo: iweje mtoto mzito zaidi apewe dawa kidogo zaidi? Tulipokokotoa kwa kufuata kifungu cha 4, yote mawili yalikuwa sahihi, maana kipimo hubadilika penye kilo 20. Hapo nilijifunza kwamba macho ya mtaalamu pekee hayatoshi. Yanaweza kupitisha kosa linalofanana na ukweli na kukataa ukweli unaofanana na kosa.

Aina ya pili ya kasoro ni ngumu zaidi kuiona, kwa sababu jibu lililomo kwenye mwongozo ni sahihi. Swali la 12 liliuliza: mtoto yuleyule wa kilo 14 atachomwa mililita ngapi za atesuneti iliyokwisha kuchanganywa? Mwongozo ulisema 4.2. Nami nilijibu 4.2, nikakaribia kulipitisha. Hata hivyo, utaratibu wangu unanitaka nitazame pia kila jibu linalodaiwa kuwa si sahihi na kujiuliza: je, kuna hali ambamo hili nalo lingekuwa kweli? Miongoni mwa majibu hayo lilikuwamo 2.1.

Kichupa cha atesuneti chenye miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti. Ikiwa dawa itapitishwa kwenye mshipa, huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi, na kila mililita hubeba miligramu 10. Ikiwa itachomwa kwenye msuli, huongezwa mililita 2 tu, na kila mililita hubeba miligramu 20. Kwa hiyo miligramu 42 ni mililita 4.2 kwenye mshipa, na ni mililita 2.1 kwenye msuli. Swali halikutaja njia ya kuchoma. Muuguzi wa zahanati ya mlimani, ambaye huchoma kwenye msuli kabla ya kumpa mgonjwa rufaa, angejibu 2.1, angeambiwa amekosa, na pengine siku nyingine angeongeza dawa maradufu ili “asirudie kosa.” Maneno mawili, “kwenye mshipa,” yaliliponya swali hilo.

Aina ya tatu ni swali la mada isiyofundishwa. Swali la 18 lilihusu tafenokwini na upungufu wa kimeng’enya cha G6PD. Jibu lake lilikuwa sahihi na lugha yake haikuwa na utata. Lakini dawa hiyo hutumika kuzuia kurudi kwa malaria ya vivaksi inayojificha katika ini, na maelezo yangu yalihusu falsiparamu, ambayo ndiyo inayosababisha sehemu kubwa kabisa ya malaria Tanzania. Nilipotafuta kifungu cha kuandika kando, sikukipata. Hiyo ndiyo dalili ya wazi: ukijikuta unajibu kwa yale uliyosomea shahada ya uzamili na si kwa yaliyomo ukurasani, swali hilo si la wanafunzi wako. Madhara yake si kumkatisha mwanafunzi tamaa tu. Matokeo ya jaribio yangeonyesha kwamba kundi zima “limeshindwa malaria,” nasi tungetumia saa za marudio kufundisha dawa wasiyokutana nayo, badala ya kurudia kipimo cha atesuneti.

Katika maswali yale 20, matatu niliyoyataja ndiyo yaliyokuwa na kasoro za kubadilisha maana. Msomaji aweza kusema kwamba matatu si mengi. Nami nauliza: ni lipi kati yake ungekubali limfundishe mtu atakayemchoma mwanao sindano?

Lazima niseme pia mpaka wa njia hii. Kulinganisha swali na maelezo huonyesha kama swali ni tiifu kwa maelezo. Hakuonyeshi kama maelezo yenyewe bado ni ya kweli. Katika seti nyingine ya maswali, mwongozo ulitaja dawa mseto ya atemetha na lumefantrini kuwa tiba ya malaria isiyo kali kwa mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza. Maelezo yangu yalisema kwinini. Kwa utaratibu wangu hilo lilikuwa kosa la mashine, na nilikwisha kulikata kwa kalamu nyekundu. Kisha nikatazama tarehe ya maelezo: niliyaandika mwaka 2019. Mwishoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali matumizi ya dawa mseto hiyo katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito. Aliyepitwa na wakati nilikuwa mimi. Tangu siku hiyo kila ukurasa wangu wa maelezo una tarehe juu yake, na tofauti yoyote baina ya swali na maelezo huipeleka kwenye mwongozo wa taifa wa tiba unaotumika sasa kabla sijaamua nani kakosea.

Kazi yote hii, kwa maswali 20, hunichukua kama saa moja na nusu. Pendekezo langu kwa vyuo na vituo vinavyofundisha kwa maswali ya namna hii ni dogo: kando ya kila swali iandikwe namba ya kifungu na jina la aliyehakiki. Pasipo vyote viwili, swali lisitolewe. Nanyi wauguzi na matabibu mnaopokea maswali kwenye simu, mna haki ya kuuliza mstari wake uko wapi. Ninyi wazazi nanyi mna haki: mtoto anapopimwa uzito kabla ya sindano, ulizeni kilo zake ni ngapi na dozi yake imekokotolewaje. Muuguzi aliyefundishwa vizuri hataudhika kuulizwa, atawaonyesha hesabu.