Sura ya mukaka ndani ya tablo la zamani



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo wengi wenu mumeniuliza: kuingiza sura ya mtu wetu ndani ya tablo la zamani, mpaka aonekane kama mchoraji alimchora yeye tangu mwanzo. Nitawaeleza jinsi tulivyofanya kwetu. Mara ya kwanza tulishindwa, na ni kule kushindwa kulikotufundisha.

Mama yangu mkubwa alikuwa anaishi upande wa Beni. Nyumba yake ilichomwa na foto zote zikaungua. Ya mukaka wetu ilibaki moja tu, ile ndogo ya kwenye karte ya uchaguzi, uso wa sentimeta mbili, bila rangi. Wajukuu waliozaliwa nyuma hawamjui. Lakini kwa mama yangu, hapa Butembo, kuna tablo moja lenye upana wa sentimeta 60, lililochorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga. Linaonyesha wamama wanne wanatoka shamba, mizigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mukaka alikuwa anatembea vile vile kila siku ya soko. Basi kabla ya siku ya kuondoa matanga tukasema: tumuweke pale.

Desturi hiyo si ngeni kwetu. Chéri Samba wa Kinshasa amejichora mwenyewe ndani ya tablo zake nyingi, na mwaka wa 1997 alijiweka pamoja na Picasso katika tablo moja. Kwetu tulitaka kitu kidogo zaidi: kumuweka mukaka pamoja na wamama wenzake, na bila kugusa tablo lenyewe. Kazi yote ilifanywa juu ya foto ya tablo, katika ordinateri, kwa programu ya bure inayoitwa GIMP. Mtoto wa ndugu yangu ndiye alishika ordinateri. Mimi nilikuwa macho.

Tulianza kwa kupiga foto ya tablo. Usilipige ndani ya nyumba kwa flashi, maana rangi ya mafuta inang'aa na utapata doa jeupe katikati. Tulilitoa nje asubuhi, tukaliegemeza kwenye ukuta wenye kivuli, na telefone ikasimama sawasawa mbele yake, isiinamishwe. Foto ilikuwa na upana wa pikseli 4000. Gawanya kwa sentimeta 60: kila sentimeta ya tablo inapata pikseli kama 66. Shika hesabu hiyo, ndiyo itakayotuongoza.

Kisha tukachagua mama wa kubadilisha. Karte inaonyesha mtu anayetazama mbele, na hakuna ordinateri itakayogeuza uso wake vizuri umtazame pembeni. Kati ya wamama wanne, wa pili tu ndiye alitutazama. Wengine walikuwa wamegeuka, hata kama sura zao zilikuwa nzuri zaidi. Tena hatukuchukua kichwa kizima cha mukaka. Kilemba cha mama wa tablo na ile kamba ya paji la uso tuliviacha, tukabadilisha tu kutoka nyusi mpaka kidevu. Sehemu mpya ikiwa ndogo, mpaka wa kuficha nao unakuwa mfupi.

Mara ya kwanza kijana alifanya haraka. Alikata uso wa karte, akaupitishia ule ufundi wa programu unaofanya foto ionekane kama rangi ya mafuta, kisha akaupunguza na kuubandika. Mama mkubwa alipouona alinyamaza kitambo, akasema: «Huyu si mama. Ni karte yake mumeigandisha pale.» Alikuwa na haki. Tukakaa kutafuta sababu, tukapata tatu.

Sababu ya kwanza ilikuwa brashi. Nilichukua rula nikapima mistari ya brashi kwenye mashavu ya wale wamama wengine: ilikuwa na upana wa milimeta 4 hivi. Kwa hesabu yetu, hizo ni pikseli kama 26. Uso kutoka nyusi mpaka kidevu ni sentimeta 3, yaani pikseli 200 tu. Maana yake mchoraji alijaza shavu kwa mistari michache minene. Kijana alikuwa ametia ile brashi ya ordinateri wakati uso ungali mkubwa, pikseli 800, na alipoupunguza mistari nayo ikapungua mara nne, ikawa nyembamba kama nywele. Kwa hiyo utaratibu ni huu: punguza uso kwanza mpaka ulingane na tablo, ndipo utie brashi. Hapo tukaona pia kwamba udogo wa foto ya karte haukuwa shida. Mchoraji mwenyewe hakuchora kila kunyanzi, na ile michoro midogo inayopita juu ya foto ya karte ilipotea yenyewe tulipoupunguza uso.

Katika GIMP kazi hiyo iko kwenye `Filters > Artistic > Oilify`, na kipimo kinaitwa `Mask Radius`. (Kama ordinateri yako inaonyesha Kifaransa, majina yatabadilika, lakini mahali ni palepale.) Tulitengeneza nakala mbili za uso. Ya kwanza ilipata 10, kwa ajili ya mashavu na kidevu. Ya pili ilipata 3, kwa ajili ya macho na mdomo, kwa sababu hata mchoraji hushika brashi nyembamba anapofika kwenye macho. Tukaweka nakala ya 10 juu, tukafuta taratibu mahali pa macho na mdomo ili ile ya chini ionekane. Ukitia 10 kila mahali, macho yanakuwa matundu mawili na mtu hajulikani tena.

Sababu ya pili ilikuwa rangi. Foto ya karte ilikuwa na weusi mkali na weupe mkali. Tablo la zamani halina hivyo. Weupe wake umekuwa wa manjano kama maziwa yaliyolala, na weusi wake ni kahawia nzito. Usijaribu kukisia rangi ya ngozi ya mukaka kwa kukumbuka. Ndani ya tablo hakuna ngozi ya mukaka. Kuna kahawia tatu au nne ambazo mchoraji alichanganya na kuzitumia kwa wamama wote. Tukakata shavu na shingo la mama wa tatu, tukaliweka peke yake kama kielelezo, kisha tukafungua `Colors > Map > Sample Colorize`. Uso wetu uko upande mmoja, kielelezo upande mwingine. Unabonyeza `Get Sample Colors`, halafu `Apply`. Programu inachukua giza la kielelezo na kuliweka penye giza la uso, na mwanga penye mwanga. Uso wa karte usio na rangi ukavaa kahawia za mchoraji. Tahadhari moja: usiache kipande cha kikwembe ndani ya kielelezo. Sisi tuliacha ukingo mdogo wa bluu, na mukaka akapata bluu chini ya macho kama mtu aliyepigwa.

Sababu ya tatu ilikuwa mwanga. Tazama kivuli cha pua. Kwenye tablo, kila mama ana kivuli upande wa kuume wa pua na wa shingo, kwa sababu jua lake linatoka kushoto. Karte ilipigwa kwa mwanga wa mbele, haina kivuli. Tulichukua kahawia nzito kutoka shingo la mama wa tatu, tukafungua tabaka jipya, tukaliweka kwenye hali ya `Multiply` kwa nguvu ya asilimia 30, tukapaka upande wa kuume wa pua, shavu na chini ya kidevu. Ikiwa foto yako ina kivuli upande usiofaa, utashawishika kuigeuza kama kioo. Fikiri kwanza: kovu litahama, na watoto wake watajua mara moja kuna kitu si sawa hata wasipoweza kusema ni nini.

Baada ya hayo yalibaki mambo mawili madogo. Mtu anayebeba mzigo kwa kamba huinamisha kichwa, basi tuliinamisha uso digrii 6. Na nyuzi za gunia zinaonekana katika tablo lote, lakini si juu ya uso mpya. Tulinakili kipande cha mbingu ya tablo, ambacho hakina mchoro, tukakipitisha kwenye `Filters > Enhance > High Pass` ili zibaki nyuzi tu, tukakiweka juu ya uso kwa hali ya `Overlay`. Nyuzi zikapita usoni kama zinavyopita kwenye kilemba.

Unajuaje kama imekubali? Simama mbali hatua tatu, kaza macho nusu. Uso ukirukia mbele kuliko nyuso zingine, basi bado una mwanga mwingi au mistari yake ni midogo mno. Kisha geuza picha yote iwe nyeusi na nyeupe kwa muda: kama uso unatofautiana hapo, kosa si la rangi, ni la mwanga. Na kabla ya kulipia karatasi kubwa, toa kwanza ndogo ya 10 kwa 15 kule studio, maana mashine ya studio mara nyingi inatia giza kuliko kioo cha ordinateri. Yetu ilitia giza. Tulirudi tukaongeza mwanga kidogo.

Kuna mpaka wa kazi hii. Sura itafanana na mtu jinsi mchoraji yule angemfananisha, si zaidi. Mwenye kutaka kila kunyanzi cha mzazi wake, afadhali atengeneze foto ya kawaida na kuiacha foto.

Nyuma ya karatasi tuliandika mwaka, na maneno haya: «Uso wa mama wa pili umeongezwa na jamaa, mchoraji hakuuchora.» Fanyeni hivyo nanyi, ili mjukuu asije akauza au akasimulia kitu ambacho si kweli, na jina la mchoraji lisibebe kazi ya wengine. Tena ombeni ruhusa ya wote. Kwetu mjomba mmoja alikataa mpaka alipohakikishiwa kwamba tablo lenyewe halitaguswa.

Tablo bado liko ukutani kwa mama, na yule mama wa pili angali na uso wake. Karatasi iko Beni. Siku ya matanga mama mkubwa aliitazama muda mrefu, akaweka kidole juu ya kamba ya paji la uso, akamwambia mjukuu mdogo: «Unaona? Alikuwa anainama hivi, kwa sababu kitunga kilikuwa kimejaa.»